Kuomba jibu kwa Kijerumani: wa kuandikiwa Sie na wa kuandikiwa du

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la lugha hapa Tanga yameongezeka, na mengi yanafanana: mtu ameandika barua pepe Ujerumani kwa Kijerumani, ameomba jibu, na jibu limekuja la baridi au halikuja kabisa. Mji wetu una udugu na mji wa Eckernförde tangu 1963, na vijana wengi sasa wanaandikia shule, vyama na familia za huko. Hatuwezi kusema kwamba kila ukimya unatokana na lugha. Ila barua nyingi tulizoonyeshwa zina kasoro palepale, kwenye mstari wa kuomba jibu.

Chukua barua ya kijana mmoja wa Ngamiani anayeomba nafasi ya kujitolea. Ameanza vizuri sana: „Sehr geehrte Frau“, kisha jina la ukoo la mama yule, kisha mkato. Aya mbili zimekwenda sawa. Mwishoni ameandika: „Ich erwarte deine Antwort. Liebe Grüße“.

Huyu kijana ana adabu zake zote, na kwa Kiswahili angeandika „naomba majibu“ bila kumkwaza mtu. Lakini mstari ule una makosa matatu. „Deine“ ni ya mtu wa du, yaani rafiki, ndugu, mtoto au kijana mwenzako. Ukishafungua kwa „Sehr geehrte“ umeingia upande wa Sie, yaani „wewe“ wa heshima, na hutoki huko mpaka saini. „Ich erwarte“ hubeba uzito wa kudai, kama mkuu anayengoja taarifa kwa mtu wa chini yake. Na „Liebe Grüße“ ni salamu za watu waliozoeana.

Tulimrekebishia hivi: „Ich freue mich auf Ihre Antwort.“ Chini yake, „Mit freundlichen Grüßen“, bila mkato, kisha jina lake kamili. Kama kuna tarehe inayombana, aiweke ndani ya ombi: „Für eine Rückmeldung bis zum 15. Mai wäre ich Ihnen dankbar.“ Hapo „wäre“ ndiyo inayobeba unyenyekevu, na tarehe inamsaidia anayejibu kupanga kazi. Kuandika „schnell“ au „sofort“ hakuharakishi chochote. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanaliongeza kwa mkono baada ya barua kusahihishwa.

Angalia pia herufi kubwa. „Ihre Antwort“ ni jibu lako wewe unayeheshimiwa, „ihre Antwort“, kwa herufi ndogo, ni jibu la mwanamke mwingine au la watu wengine. Simu hupenda kubadilisha herufi hiyo yenyewe, kwa hiyo soma tena kabla ya kutuma.

Kwa kijana mwenzako mliyekutana Raskazone akakupa namba, mambo yanageuka. Mwandikie „Schreib mir bitte bald zurück“ au „Meld dich!“, umalizie na „Liebe Grüße“. Ukimpelekea „Sehr geehrter Herr“ atadhani umemkasirikia.

Wengi wanauliza watajuaje wakati wa kuhama kutoka Sie kwenda du. Kawaida mwenye umri au cheo ndiye anayetoa ruhusa, mara nyingi kwa maneno „Wir können uns gerne duzen“. Kama hakusema, soma barua yake. Akiandika „deine“ na kusaini jina la kwanza peke yake, mjibu kwa du. Akisaini majina yote na kuandika „Ihre“, baki kwenye Sie, hata kama mmeandikiana mwaka mzima. Ukarimu wa maneno yake si ruhusa.

Kuna uvumi kwamba kumwandikia ofisa du ni kosa la jinai. Naomba tuelewane. Sheria ya Jinai ya Ujerumani, kifungu cha 185, inaadhibu matusi kwa faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na kinazidi hapo kwa matusi ya hadharani au yanayoambatana na kumpiga mtu. Lakini lazima pawe na nia ya kudharau. Mgeni aliyekosea kiwakilishi kwenye ombi hajatukana, na hakuna sababu ya kuacha kuandika kwa hofu hiyo.

Wanaoleta barua kusahihishwa walete pia ile waliyopokea, ikiwa na saini yake chini. Wengi wanaleta waliyoandika wao tu, na sisi tunalazimika kuwarudisha nyumbani, maana bila saini ya mwenzako hatuwezi kujua kama tukusahihishie „deine“ au „Ihre“. Kama hajawahi kukuandikia, tutaiweka kwa Sie.