Shavu la bibi na kanga nyekundu: kuchanganya chaneli kwenye picha nyeusi-nyeupe

Dada mmoja aliniletea picha ya mama yake aliyoipiga kihambani, Kibosho, bibi akiwa amekaa chini ya migomba na kanga nyekundu mabegani. Alitaka niibadilishe iwe nyeusi-nyeupe, aiweke kwenye fremu sebuleni. Nilipomwonyesha jaribio la kwanza aliniuliza, "Kaka, mbona mama anaonekana kama ana upele?" Alikuwa sahihi. Kwenye picha ya rangi upele huo hauonekani kabisa.

Chanzo ni namna kompyuta inavyogeuza rangi kuwa kijivu. Kila pikseli ina namba tatu, moja kwa kila chaneli: nyekundu, kijani na bluu. Kwenye Photoshop, ukifungua `Channel Mixer` na kuweka tiki kwenye `Monochrome`, unaanza na 40 ya nyekundu, 40 ya kijani na 20 ya bluu. Ngozi haiakisi mianga hiyo mitatu sawasawa. Melanini hunyonya bluu zaidi kuliko nyekundu, na damu iliyo chini ya ngozi hunyonya sana bluu na kijani. Kwa hiyo kila doa, kovu la chunusi au wekundu hutokeza kwenye chaneli hizo mbili, na hufifia kwenye nyekundu. Bonyeza Ctrl+3, kisha Ctrl+4, kisha Ctrl+5, uzitazame moja moja. Ya bluu, kwa ngozi zetu nyeusi, mara nyingi ni giza lenye chengachenga.

Nilipima shavu la bibi: 150, 98, 72. Doa lililo pembeni yake: 138, 78, 56. Kwenye nyekundu, doa limezidiwa na shavu kwa asilimia 8 tu; kwenye bluu ni asilimia 22. Mchanganyiko wa 40/40/20 ulibakiza tofauti ya asilimia 14, na huo ndio "upele" alioulizia binti yake.

Hapo wengi hukimbilia nyekundu 100. Ngozi inakuwa laini, ndiyo, lakini midomo inapotea. Midomo ya bibi ilikuwa 146, 84, 80, kwa hiyo kwenye nyekundu peke yake inatofautiana na shavu kwa pointi 4, na mtu anabaki na uso usio na mdomo. Mimi niliweka 70/30/0. Doa lilishuka hadi asilimia 11, midomo ikabaki na pointi 7 za tofauti, na zile chengachenga za bluu zikatoka zote. Angalia pia `Total`: ibaki 100. Paji la uso la bibi lilikuwa linang'aa, 236, 205, 190. Ningeweka 80/35/0, hapo pangezidi 255, kikomo cha weupe, na kuwa doa jeupe tupu, na ukishachapa picha huwezi kulirudisha.

Sasa ikaja kanga, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Nyekundu yake ilikuwa 190, 35, 40. Kwa 70/30/0 inatoka 144 hivi, na shavu ni 134. Kanga na shingo vikawa karibu kijivu kimoja, picha ikapoa kabisa. Kwa kanga nilihitaji 20/60/20, ambayo inaishusha hadi 67, giza zito linaloubeba uso.

Ukiongeza leya ya pili ya `Channel Mixer` juu ya ile ya kwanza, haifanyi kitu. Inapokea kijivu, namba zote tatu zikiwa sawa, na jumla ikiwa 100 kijivu hutoka vilevile kilivyoingia. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo inayokusaidia ukigeuza mpangilio. Weka leya ya kanga chini, yenye maski inayofunika kila kitu isipokuwa kanga, na leya ya ngozi juu yake bila maski yoyote. Kanga inafika juu ikiwa tayari kijivu na inapita salama. Sehemu nyingine zote zinachanganywa kwa 70/30/0. Laini ukingo wa maski kidogo pale kanga inapogusa shingo, la sivyo utaona mstari.

Kabla ya yote hayo nilirekebisha mizani ya weupe, kwa sababu migomba ilikuwa imerusha ukijani chini ya kidevu, na ukijani ule ungevuruga ile 30 ya kijani.

Mikunjo ya bibi haikupungua, na haingepungua kwa namna hii, maana mkunjo ni kivuli: upo kwenye chaneli zote tatu. Binti alipoiona picha iliyochapwa, aliweka kidole kwenye mikunjo ya macho akasema, "Hii usiiguse."