Kila krediti noti ina delivari yake: dhana potofu kuhusu daftari la marejesho

"Maadamu saplaya ametoa krediti noti, kata kwenye deni lake, yamekwisha." Maneno haya husemwa Kongowea, husemwa Marikiti, husemwa kwenye mastoo ya Shimanzi. Kisha mwisho wa mwezi mhasibu huletewa bahasha ya krediti noti zilizokunjwa, na hakuna dukani anayeweza kusema zinahusu mzigo upi. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo kila mtu analijua. Ajabu ni kwamba daftari la marejesho huwa lipo, tena limejaa. Kinachokosekana ni safu moja tu: namba ya delivari ambayo bidhaa zilikuja nayo.

Dhana: krediti noti hukatwa kwenye jumla ya deni, ni ya mzigo upi haijalishi

Ukweli: krediti noti hurekebisha ankara moja maalumu. Bei yake, punguzo lake na VAT yake vinatoka kwenye ankara hiyo. Ukiikata kwenye jumla tu, huna namna ya kujua kama saplaya amekurudishia kiasi sahihi, maana huna cha kulinganisha nacho.

Chukua duka linalouza sabuni ya unga. Tarehe 6 Machi linapokea katoni 50. Bei ni Sh2,400 kwa katoni kabla ya VAT, na kwa kuwa wamechukua 50 wanapata punguzo la asilimia 5, hivyo katoni inawasimamia Sh2,280. Tarehe 20 Machi wanaongeza katoni 20. Bei imepanda hadi Sh2,500 na safari hii punguzo hakuna. Tarehe 24 Machi katoni 8 zinarudishwa kwa sababu paketi zinavuja kwenye mshono: 6 ni za mzigo wa kwanza na 2 ni za mzigo wa pili.

Dai halisi linahesabiwa kwa ankara mbili, kila moja peke yake. Katoni 6 kwa Sh2,280 ni Sh13,680, na ukiongeza VAT ya asilimia 16 unapata Sh15,868.80. Katoni 2 kwa Sh2,500 ni Sh5,000, na pamoja na VAT ni Sh5,800. Jumla Sh21,668.80. Kiasi hicho kiandikwe daftarini siku ile ile mzigo unapotoka. Kusubiri hadi krediti noti ifike ni kumwachia saplaya akupangie unachodai.

Krediti noti inafika Aprili. Ni moja, inataja ankara ya tarehe 6 Machi peke yake, na inasema: katoni 7 kwa Sh2,280, pamoja na VAT Sh18,513.60. Pengo ni Sh3,155.20. Mwenye kukata kwenye jumla hatalijua pengo hili milele. Mwenye kulijua bila namba za delivari atapiga simu aseme "mmenipunja elfu tatu", aambiwe "tutaangalia", na habari itaishia hapo.

Mwenye daftari kamili analivunja pengo vipande viwili. Kipande cha kwanza ni katoni moja ya mzigo wa pili ambayo haikuhesabiwa kabisa: Sh2,900. Kipande cha pili ni ile katoni nyingine ya mzigo wa pili, iliyorudishiwa kwa bei ya mzigo wa kwanza: tofauti ya Sh220, pamoja na VAT Sh255.20. Hayo ni maswali mawili yanayojibiwa na watu wawili tofauti. La kwanza ni la stoo ya saplaya, la pili ni la ofisi yake ya hesabu.

Tuseme stoo inajibu kwamba katoni moja ya mzigo wa pili ilikuwa imelowa maji, haikuvuja kwa kosa la kiwanda, wameikataa. Kama ni kweli, zile Sh2,900 huwezi kuzidai tena. Unaandika "imekataliwa: maji", unaomba katoni yako irudi au mkubaliane kwa maandishi itupwe, kisha unaiondoa kwenye stoki kama hasara yako. Zile Sh255.20 bado ni zako.

Hapa ndipo watu huona ni uchokozi. Sh255 tu, kwa nini usumbue? Kwa sababu ile krediti noti imepunguza ankara ya kwanza kwa katoni 7, ilhali zilizorudi kutoka ankara hiyo ni 6, na ankara ya pili haijaguswa. Taarifa ya deni ya saplaya itaendelea kuonyesha ankara ya pili nzima, Sh58,000, na karani wake wa madeni ataidai yote. Kama ankara ya kwanza ulishailipa, krediti itaelea upande mmoja na deni upande wa pili, na kila mwezi mtaulizana yale yale. Mwombe saplaya arekebishe, atoe mbili: moja ya Sh15,868.80 kwa ankara ya kwanza, moja ya Sh2,900 kwa ankara ya pili.

Kuhusu kodi, krediti noti inayotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hutaja namba ya ankara ya awali, kwa hiyo kosa la kuifunga kwenye ankara isiyo yake halifichiki. Nawe mnunuzi, VAT uliyodai kwenye mzigo uliorudi ni lazima uipunguze kwa kiasi kile kile, kwenye ritani ya mwezi inayohusu krediti noti hiyo. Wengi hupunguza deni la saplaya na kuisahau VAT.

Sasa, utajuaje katoni ni ya mzigo upi? Hili ndilo jibu la nusu ya matatizo yote, na gharama yake ni maka moja. Mzigo ukiingia, kabla haujapandishwa rafu, andika namba ya delivari noti na tarehe kwenye ubavu wa kila katoni. Tarakimu nne za mwisho zinatosha. Katoni hamsini huchukua dakika kumi. Namba ya bechi ya kiwanda inasaidia, lakini bechi moja inaweza kuja kwa delivari mbili zenye bei mbili, hivyo usiitegemee peke yake. Katoni ikishafunguliwa na paketi kumwagwa rafuni, ushahidi umekwenda, basi hifadhi ule ubavu wenye maandishi mpaka paketi ziishe.

Mstari wa daftari uwe na namba yake ya marejesho, tarehe, namba ya delivari noti, namba ya ankara, bidhaa, idadi, bei baada ya punguzo, sababu, aliyechukua na namba ya gari, kiasi kinachodaiwa, kisha namba na kiasi cha krediti noti, na tofauti. Mzigo mmoja ukirudi kutoka delivari mbili, ni mistari miwili. Mstari hufungwa tofauti ikiwa sufuri au ikiwa imeelezwa, basi. Anayetumia jedwali la kompyuta aweke pia kinga dhidi ya kudai zaidi ya alichopokea. Kama namba ya ankara iko safu D, bidhaa safu E na idadi safu F, hii inajumlisha yote yaliyorudishwa kwa ankara na bidhaa hiyo:

```
=SUMIFS(F:F,D:D,D2,E:E,E2)
```

Jibu likizidi idadi iliyo kwenye ankara, kuna mstari ulioandikwa mara mbili au uliopewa ankara isiyo yake. Mara nyingi ni hilo la pili.

Dhana: dereva akisaini, saplaya amekubali

Dereva amekubali kwamba amepakia katoni 8, si zaidi. Ubovu wake utaamuliwa na stoo yao. Saini yake inakulinda na neno "hatukupokea", kwa hiyo itake, pamoja na jina linalosomeka na namba ya gari, kwenye hati ya marejesho yenye nakala tatu: moja aende nayo, moja ibaki stoo, moja iende kwa mhasibu. Saini iliyopigwa mgongoni mwa kipande cha katoni haimlindi mtu.

Dhana: mzigo uliokataliwa mlangoni si wa kuandikwa

Ni wa kuandikwa, kwa sababu ankara huwa imeshatolewa kwa idadi kamili kabla gari halijaondoka kwa saplaya. Katoni 3 zikirudi na gari lile lile, andika upungufu kwenye nakala zote za delivari noti, msaini wote wawili, kisha ufungue mstari daftarini wa kusubiri krediti noti. Angalizo ni moja: katoni hizo hazikuingia stoki, basi usizitoe. Stoki ikionyesha hasi tatu wakati bidhaa iko kamili rafuni, anza kutafuta hapa.

Dhana: tukibadilishana moja kwa moja hakuna hesabu

Dereva anachukua tatu mbovu, anashusha tatu nzima, wanapeana mikono. Idadi imebaki ile ile, lakini andika, na kwenye safu ya krediti noti weka "badala". Ofisi ya saplaya ikipata habari ya mbovu bila habari ya badala, itatoa krediti noti, nawe utaikata kwa furaha. Miezi miwili baadaye ukaguzi wao utaigundua na utadaiwa wakati umeshasahau. Na zile mpya zipigwe maka upya kwa namba ya mzigo zilikotoka.

Dhana: krediti noti haina haraka, itakuja tu

Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 inampa saplaya miezi 6 kutoa krediti noti. Miezi hiyo huhesabiwa tangu ankara ya awali ilipotolewa, wala si tangu ulipomrudishia mzigo. Bidhaa iliyokaa stoo miezi minne kabla hujaona ubovu imebakiza miwili. Kwa hiyo panga mistari iliyo wazi kwa tarehe ya ankara, ya zamani juu, na uipitie kila wiki. Mstari ukifika siku 30 bila jibu, andika barua pepe yenye namba ya hati ya marejesho na namba ya ankara. Simu haitoshi, maana simu haiachi karatasi.

Dhana: kreti na chupa tupu ziingie daftari hilo hilo

Hapana. Kreti tupu ni amana inayorudi, bidhaa haikurudi. Zikichanganywa, kreti 20 za soda zitaonekana kama soda 480 zilizorejeshwa. Zifungulie daftari lake, lenye idadi zilizoingia, zilizotoka na salio kwa kila saplaya.