Je, wajua kwa nini muhuri huivuruga kompyuta inayosoma jedwali?

"Tunaskani karatasi za mizani ya tumbaku za chama chetu hapa Urambo. Mbona palipopigwa muhuri au kupitiwa na saini kompyuta inatoa namba za ajabu, na sisi tunazisoma vizuri tu?"

Ninyi mnaona rangi. Programu nyingi za kusoma maandishi huanza kwa kuitupa: kila nukta ya picha iliyokolea vya kutosha hugeuzwa nyeusi, nyingine zote nyeupe. Hapo zambarau ya muhuri na weusi wa namba vinashikana kuwa doa moja, na 8 iliyopitiwa na ukingo wa muhuri haina tena umbo la 8.

Kwa hiyo skanini kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, tena karatasi halisi wala si fotokopi. Katika picha ya rangi kila nukta ina namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, kuanzia 0 ambayo ni giza hadi 255. Tuseme nukta ya muhuri ni 120, 70, 190, na ya tarakimu iliyochapwa ni 40, 40, 45. Chukua namba kubwa tu katika kila nukta: muhuri unabaki 190, karibu na weupe, tarakimu inabaki 45. Hata pale muhuri ulipoilalia tarakimu, weusi unabaki. Programu ya picha iitwayo ImageMagick hufanya hivyo kwa amri ya mstari mmoja:

```
magick fomu.png -alpha off -separate -evaluate-sequence max safi.png
```

Njia hii haisaidii muhuri ukiwa mweusi. Na kama karani aliandika uzito kwa kalamu ya buluu, usiitumie kabisa, maana itafifisha na namba zenyewe.

Saini ya kalamu nyeusi ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu rangi haiitofautishi na namba. Mkia wake ukishuka kwenye kisanduku cha chini, kabla ya 77, kompyuta inasoma 177. Hapa angalieni umbo. Mistari ya jedwali ikishafutwa kwenye picha, tarakimu kwa kawaida huishia ndani ya kisanduku chake, ila mkia wa saini unaendelea hadi kisanduku cha jirani. Programu iweke alama kwenye kila kisanduku chenye wino unaovuka mpaka. Isiufute wenyewe, kwani wapo makarani ambao 7 zao hutoka nje ya mstari.

Kisha linganisheni jumla. Marobota manne ya kilo 84, 77, 91 na 68 yanafanya 320, na ndivyo ilivyochapwa chini ya karatasi. Kompyuta ikijumlisha ilichosoma na kupata 420, ziada ya 100 kamili inaashiria 1 iliyozuka kwenye mamia. Jumla haisemi ni robota lipi, kwa hiyo mtu aanze na kisanduku chenye alama, akitazama picha ya rangi ya mwanzo, si ile iliyosafishwa.