Kwamba na kuwa: kunyoosha sentensi ya usemi wa taarifa

Usemi wa taarifa ni maneno ya mtu yanayosimuliwa na mwingine bila kunukuliwa neno kwa neno, na mara nyingi maneno hayo hufungwa kwenye kitenzi kama alisema, alieleza au alidai kwa kiunganishi kwamba au kuwa. Hapo viunganishi hivi vina kazi moja, kwa hiyo kimoja kinatosha; "kwamba kuwa", tunayoisikia kila siku, ni kurudia tu. Mimi huchagua kwamba pale kitenzi kuwa kinapofuata, kwa sababu "Alisema kuwa kuwa kiongozi ni mzigo" humkwaza msomaji.

Tumchukue katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anayeandika muhtasari. Kikaoni mweka hazina alisema: "Nitaleta vitabu vyangu hapa kesho, kwa hiyo msinidai leo." Katibu akaandika: "Mweka hazina alisema kwamba kuwa nitaleta vitabu vyangu hapa kesho, kwa hiyo msinidai leo." Alama za mtajo zimeondoka lakini nafsi zimebaki zilezile, na anayesoma anaweza kudhani kwamba katibu ndiye aliyeahidi vitabu.

Akishaondoa "kuwa" ya ziada, katibu ahamishe nafsi: vyangu iwe vyake, na msinidai iwe wasimdai, ambapo viambishi viwili vinabadilika kwa pamoja, cha wanaoambiwa na cha msemaji. Hapa huwa pale, na kesho huwa siku iliyofuata. Leo ndiyo yenye mtego, maana tukiandika "siku hiyo" baada ya "siku iliyofuata", haitajulikana ni siku ipi kati ya hizo mbili. Sentensi iliyonyooka ni hii: "Mweka hazina aliwaambia wanachama kwamba angeleta vitabu vyake pale siku iliyofuata, kwa hiyo wasimdai siku ile ya kikao."

Kugeuza -ta- kuwa -nge-, kama inavyofundishwa shuleni, ni sahihi, ila -nge- hubeba pia maana ya sharti lisilotimia, na msomaji anaweza kuhisi kwamba vitabu havikuletwa. Ikiwa muhtasari unaandikwa jioni ileile, siku ya ahadi bado haijafika, na kwa maoni yangu "ataleta", pamoja na tarehe yenyewe badala ya kesho, ni bora zaidi.

Si kila usemi unaohitaji kwamba. Mwanachama akiuliza, "Je, vitabu vimekaguliwa?" katibu ataandika kwamba mwanachama "aliuliza iwapo vitabu vilikuwa vimekaguliwa", na alama ya kuulizia itaondoka. Mwenyekiti naye akimwamuru mtu, "Funga mlango," inatosha kuandika kwamba alimwambia afunge mlango.