Si kila shimo ni mlipuko: makosa ninayoyasikia kila ninapobandika picha ukutani

Kazi yangu ni kuwafundisha waongoza watalii jiolojia ya maeneo wanayopeleka wageni. Kila darasa jipya naanza vilevile: nabandika picha kubwa ukutani, nauliza umbo hili ni la volkano, la mto au la bahari, na limetokeaje. Juzi nilibandika Ngorongoro iliyopigwa kutoka ukingo wa kusini. Sijamaliza swali, kijana wa mbele akajibu: "Mwalimu, huo ulikuwa mlima mrefu kuliko Kilimanjaro, ukalipuka, kichwa kikaruka." Darasa zima likatikisa kichwa kukubali.

Nimelisikia jibu hilo kwa miaka, na wageni wanalibeba mpaka makwao. Kwa hiyo naanza nalo, na nitakaa nalo kuliko mengine yote.

"Ngorongoro ni mlima uliolipuka"

Volkano ilikuwepo, hilo ni kweli. Kosa ni pale panaposemwa kwamba mlipuko ndio uliochimba shimo. Ngorongoro haikurushwa juu, ilididimia. Tunaita Kreta kwa mazoea, na sina ugomvi na jina, lakini kwa umbo ni kaldera.

Tofauti yake na kasoko ni hii. Kasoko ni mdomo wa bomba ambalo lava na majivu hutokea. Upana wake hufuata bomba hilo na nguvu ya milipuko yake, kwa kawaida mita mia kadhaa, pengine kilomita moja hivi. Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi, kuta zake zina kimo cha mita 600, na sakafu yake ni takribani kilomita za mraba 260. Hakuna bomba la ukubwa huo.

Kilichotokea ni kwamba chini ya mlima palikuwa na ghala la magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Magma ilipotoka kwa wingi, ghala likabaki na nafasi, na mlima uliokuwa juu yake ukakosa kitu cha kukalia. Wengi wetu tumeona nyumba ya udongo iliyoliwa nguzo na mchwa: paa linashuka ndani, kuta zinabaki zimesimama. Sehemu ya kati ya mlima ilishuka hivyohivyo kwa kufuata nyufa za mviringo, ikabaki pete ya kuta. Hayo yalitokea miaka milioni mbili hivi iliyopita, na tangu hapo majivu, udongo wa kuta na matope ya ziwa vimekuwa vikiisawazisha sakafu.

Kijana akaniuliza, tutajuaje kwamba haukupasuka? Swali zuri, na jibu lake ni vifusi. Mlima ukirushwa hewani hauishi, lazima uanguke mahali. Pale Oregon, Marekani, kuna kaldera ya mlima Mazama iliyotokea miaka 7,700 hivi iliyopita. Wanajiolojia waliyapekua majivu yaliyoizunguka, wakakuta vipande vya mwamba wa mlima wa zamani ni vichache mno kulinganisha na sehemu ya mlima iliyopotea. Karibu majivu yote yalikuwa magma mpya. Mlima wenyewe ulikuwa umezama. Mlipuko unaweza kuwepo, tena mkubwa, lakini kazi yake ni kulitoa ghala. Shimo ni kazi ya kuporomoka.

Na kuhusu kimo: makadirio ya mlima wa zamani huanza kama mita 4,500 na kuishia kama mita 5,800. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, kwa hiyo hata kadirio la juu kabisa halijaifikia. Tena Kibo yenyewe ilianza kujengeka takribani miaka nusu milioni iliyopita. Mlima wa Ngorongoro ulipodidimia, Kibo haikuwepo ya kulinganishwa nayo.

Sasa turudi kwenye picha, maana mgeni anataka kuonyeshwa. Jambo la kwanza ninalolisisitiza mpaka wanafunzi wananichoka ni kutafuta kipimo kabla ya kutaja jina. Ndani ya picha ya Ngorongoro tafuta gari. Likionekana kama punje ya mtama kwenye sakafu, ujue hapo hakuna kasoko. Jambo la pili ni kuangalia ukingo wa upande wa pili: unakwenda karibu kimo kimoja, kama mlima uliokatwa kwa msumeno. La tatu, ukipata picha ya kutoka angani, chukua penseli ufuatishe mteremko wa nje ya ukingo. Unapanda polepole kuelekea katikati, halafu unakatika ghafla. Mstari huo uliokatika ndio mlima uliozama.

Baada ya hapo nabandika Meru kando yake, na hapo ndipo wengi wanapoelewa. Meru nayo ina shimo kubwa, lakini pete yake haikufunga. Iko kama herufi U, mdomo wazi upande wa mashariki. Ubavu wa mlima ule uliporomoka kwa pembeni, ukamwagika hadi tambarare, na baadaye kikakua kilima cha majivu ndani ya pengo. Hapa vifusi vipo, na magari ya watalii yanapita juu yake kila siku. Vile vilima vidogo vilivyotapakaa kuzunguka maziwa ya Momela, ambavyo baadhi ya waongozaji huviita volkano ndogo, ni mapande ya Meru yaliyosafiri na maporomoko. Maziwa yenyewe yamekaa kwenye mabonde ya kati yao. Volkano ndogo ingekuwa na umbo la pia na mdomo juu. Vilima hivi havina mpangilio, havina mdomo, na vimesambaa upande mmoja tu wa mlima, upande ule ambao U imefunguka.

Kwa hiyo mashimo ni ya aina tatu, na picha inakuonyesha: pete kubwa iliyofunga yenye sakafu bapa ilizama, U iliyofunguka iliporomoka pembeni, na mdomo mdogo juu ya pia ndiyo kasoko halisi, kama ya Oldoinyo Lengai.

"Mifereji ya Lengai imechongwa na lava"

Hapana. Ni kazi ya mvua. Mbavu za Lengai ni majivu laini, mteremko ni mkali, na maji yakishuka yanachonga makorongo yanayotoka kileleni kwenda pande zote kama mbavu za mwavuli. Picha ina mlima wa volkano, lakini makorongo hayo ni umbo la maji, na mwongozaji anapaswa kuyatenganisha.

Njia ya kuvitofautisha ni rahisi. Maji hukata kwenda chini, kwa hiyo korongo limezama chini ya mteremko, umbo la V, na vijikorongo vidogo vinaingia ndani yake kutoka kando. Lava hujilaza juu, kwa hiyo mkondo wake umevimba, una kingo zilizoinuka pande zote mbili na pua butu pale ulipogandia. Angalia kivuli cha asubuhi kwenye picha: kikilala ndani ya mstari ni korongo, kikiangushwa nje yake ni lava.

Na weupe wa kileleni si theluji. Lava ya Lengai ina sodiamu nyingi. Hutoka nyeusi, ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi.

"Ziwa lililopinda karibu na mto ni kasoko iliyojaa maji"

Hili nalimaliza haraka. Mto ukifika tambarare unapindapinda, unakula ukingo wa nje wa kila pindo na kutupa mchanga upande wa ndani. Shingo kati ya mapindo mawili inapungua hadi siku ya mafuriko mto unaikata na kwenda moja kwa moja. Pindo la zamani linaachwa likiwa ziwa la umbo la upinde. Tana ya chini imejaa maziwa ya namna hiyo. Ziwa la kasoko lina ukuta umelizunguka, na hili halina ukuta wowote. Upana wake unalingana na wa mto uliolizaa. Pima kwa jicho tu.

"Hori limechimbwa na mawimbi"

Waongozaji wanaovuka kwenda pwani hunionyesha picha za hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, kama la Kilifi, la Mtwapa, au yale mawili yanayokikumbatia kisiwa cha Mombasa, wakasema bahari ndiyo iliyochimba. Bahari imeingia tu, na njia iliikuta tayari.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa nyingi duniani, maji ya bahari yalikuwa chini ya haya ya leo kwa takribani mita 120. Mito ya pwani ikawa inashuka kwenda kuufikia ufuo huo wa chini, na njiani ikakata mabonde marefu katika mwamba wa matumbawe na miamba iliyo nyuma yake. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikayajaza mabonde hayo. Hori ni bonde la mto lililozama.

Picha ya kutoka angani inalithibitisha bila maneno. Hori linapinda kama mto, na matawi yake yanaungana yakielekea baharini, kama vijito vinavyoingia mtoni. Mawimbi hayawezi kufanya hivyo. Nguvu yao huishia ufukweni, hayakunji kona kuingia bara. Ndani ya hori maji yametulia kiasi kwamba mikoko inaota hadi pembeni mwa maji.

Ukitaka kazi halisi ya bahari, ngoja maji yapwe, upige picha visiwa vidogo vya Watamu. Ni matumbawe ya kale, yaliyoota zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Sasa vimesimama kama uyoga: kichwa kipana chenye vichaka, shingo nyembamba chini. Mawimbi yanakwangua pale, maji yanayeyusha chokaa kidogokidogo, na konokono wa baharini wanakwaruza mwamba wakila mwani. Yote hayo hufanyika kwenye kimo kile maji yanapofika kila siku.

Mwanafunzi mmoja aliniambia hata mto unakula mwamba kwa chini, kwa hiyo picha zitafanana. Nikampa picha mbili bila maelezo. Mto hula ukingo wa nje wa pindo peke yake, na ukingo wa pili unakuwa na mchanga. Bahari imekila kisiwa pande zote, na mkato wake unazunguka kwa mstari mmoja uliolala sawa, kama alama ya maji kwenye beseni. Aliweka rula juu ya picha, akaufuata mstari kutoka kushoto hadi kulia, na haukupanda wala kushuka.