Muhtasari wa ngazi: kugeuza nakala ya mahubiri kuwa hoja kuu na hoja tegemezi

Muhtasari wa ngazi ni maandishi mafupi yanayopanga mawazo ya msemaji kwa daraja. Wazo moja linalobeba hotuba nzima huwekwa juu kabisa, hoja kuu zinazolijenga hufuata, na chini ya kila hoja kuu huwekwa hoja tegemezi, yaani sababu, aya, mifano na maelezo ambayo msemaji aliyatoa ili hoja hiyo isimame. Muhtasari wa kawaida hufupisha tu maneno, lakini huu humwonyesha msomaji lipi linabeba lipi. Kwa desturi hoja kuu hupewa tarakimu za Kirumi (I, II), hoja tegemezi herufi kubwa (A, B), na kilicho chini yake tarakimu za kawaida (1, 2). Watu wengi wa Goma waliosoma shule za Kifaransa wanaijua kazi hii kwa jina la plani.

Ugumu wake unatokana na namna watu wanavyosema. Mhubiri aliye mimbarani hurudia, huuliza waumini maswali, husimulia kisa na kukiacha katikati, kisha hurudi kwenye jambo alilokwisha kulimaliza. Masikioni marudio hayo yana kazi, kwa kuwa msikilizaji hana ukurasa wa kuufunua tena. Ila yakishaandikwa neno kwa neno kutoka kwenye rekodi ya simu, mahubiri ya dakika arobaini huwa kurasa nyingi ambazo kila sentensi inaonekana kuwa na uzito sawa na jirani yake. Huku kwetu kuna tatizo jingine tena: mgeni anapohubiri kwa Kifaransa na mkalimani akafuatisha kwa Kiswahili, nakala inabeba kila wazo mara mbili, na mara nyingi sentensi hizo mbili hazilingani kabisa. Kabla ya kupanga chochote ni lazima kuamua sauti ipi ndiyo chanzo. Chanzo ni mhubiri. Mkalimani ni msaada wa kuelewa, hasa pale rekodi ilipofifia, lakini mfano ulioongezwa na mkalimani peke yake hauingii katika muhtasari kana kwamba mhubiri ndiye aliyeutoa.

Tuchukue mahubiri ya kubuni, yanayofanana na mengi yanayosikika Goma, juu ya Nehemia 2:11-18. Sehemu ya nakala inasomeka hivi:

«Bwana asifiwe! Nina mambo matatu asubuhi ya leo: kukagua, kunyamaza, kusema. Nehemia alifika Yerusalemu, akakaa siku tatu. Siku tatu! Hakusema kitu. Geukia jirani yako umwambie: hakusema kitu. Sisi tukifika mahali leo, kesho tuko na komite. Mnakumbuka 2002, lava ilipopita katikati ya mji? Kuna waliokuja na mipango mikubwa hata jiwe halijapoa. Nani aliwauliza wenye viwanja? Sasa mstari wa 13, akatoka usiku…»

Anayeanza kazi hii hufuata maneno kwa mpangilio wa kusikika: nukta ya kwanza siku tatu, ya pili jirani, ya tatu komite, ya nne lava. Orodha hiyo ni fupi kuliko nakala, lakini haisemi kwa nini lava imetajwa. Njia iliyo salama ni kusoma nakala yote hadi mwisho bila kuandika hoja hata moja, kisha kuandika kwa sentensi moja kamili kile ambacho mhubiri alitaka waumini wakiamini au wakifanye. Katika mahubiri haya sentensi hiyo ni: kiongozi asiwaite watu kujenga kabla hajajua kwa macho yake kilichobomoka. Lazima iwe sentensi yenye kitenzi. Anayeandika «Uongozi» au «Kujenga upya» ametaja mada bila kueleza mhubiri alisema nini juu yake, na makosa mengi ya ngazi za chini huanzia hapo, kwa kuwa chini ya neno «Uongozi» kila kitu kinaweza kuwekwa.

Hatua inayofuata ni kutafuta hoja kuu, na hapa alama za msemaji husaidia lakini hazitoshi. Maneno kama «jambo la pili», «narudia» au «tukirudi kwenye Neno» yanaonyesha mahali pa kuangalia. Mhubiri wetu alitangaza mambo matatu. Hata hivyo ukiisoma nakala yote unakuta kwamba kukagua na kunyamaza anavithibitisha kwa aya zilezile: siku tatu za mstari wa 11, kutomwambia mtu katika mstari wa 12, na wakuu wasiojua alikokwenda katika mstari wa 16. Kunyamaza hakupewa aya yake wala mfano wake. Ni namna Nehemia alivyokagua. Kwa maoni yangu hoja iliyotangazwa inastahili kubaki hoja kuu ikiwa tu msemaji aliipa uthibitisho wake yenyewe. Isipokuwa hivyo, ishushwe daraja, na chini ya ukurasa paandikwe kwamba mhubiri aliihesabu peke yake. Wapo wanaoshikilia hesabu ya mhubiri kwa heshima, na wana sababu yao, kwa kuwa waumini watamkumbuka kwa yale mambo matatu. Lakini muhtasari wenye tarakimu II isiyo na kitu chini yake unamfanya mhubiri aonekane aliishiwa maneno, na hilo halimheshimu.

Yakishapangwa, mahubiri hayo yanakaa hivi:

Wazo kuu: Kiongozi asiwaite watu kujenga kabla hajajua kwa macho yake kilichobomoka.

I. Nehemia alikagua kabla ya kusema.
   A. Alinyamaza kwanza: alikaa siku tatu, na wakuu hawakujua alikokwenda (2:11-12, 16).
      1. Kinyume chake: mipango iliyoletwa Goma baada ya lava ya 2002 bila kuwauliza wenye viwanja.
   B. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye kuta zilizobomoka (2:13-15).
      1. Mahali pengine mnyama aliyempanda alikosa njia ya kupita (2:14).

II. Nehemia aliwaita watu kwa kutumia yale waliyoyaona wote.
   A. Alijihesabu mwenyewe ndani ya taabu yao (2:17).
   B. Aliwapa sababu ya kutumaini: mkono wa Mungu na maneno ya mfalme (2:18).

Nje ya mpango: onyo kwa wakopeshaji (Nehemia 5).

Chini ya ukurasa: mhubiri alihesabu kunyamaza kuwa jambo la peke yake.

Lava sasa ina mahali pake: iko chini ya I.A kwa sababu ilitolewa kama kinyume cha siku zile tatu za kukagua kimya. Jirani aliyegeukiwa ametoweka, kwa kuwa maneno yale yalikuwa ya kuwaamsha waumini na hayakuongeza hoja. Sehemu ya wakopeshaji inahitaji maelezo kidogo. Karibu na mwisho mhubiri alisoma Nehemia 5, ambapo watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, akawakemea kwa muda mrefu wanaokopesha majirani kwa riba. Pengine ndiyo sehemu waumini waliyoizungumzia zaidi walipotoka kanisani. Lakini haijengi wazo la kukagua kabla ya kuita, na urefu wa maneno haugeuzi kitu kuwa hoja kuu. Kuifuta ni kumpunguzia mhubiri alichosema. Kuiita III ni kumsingizia mpango ambao hakuwa nao. Kwa hiyo inabaki pembeni, na jina lake linaonekana wazi.

Kipimo cha kujua kama ngazi zimekaa sawa ni rahisi. Kati ya kila hoja na ile iliyo juu yake, weka «kwa sababu», «kwa mfano» au «yaani», kisha usome kwa sauti. «Nehemia alikagua kabla ya kusema, yaani, alikwenda mwenyewe hadi kwenye kuta zilizobomoka» inasomeka vizuri. Jaribu sasa «Nehemia alikagua kabla ya kusema, kwa mfano, aliwapa watu sababu ya kutumaini»: sentensi inakwama, na kukwama huko kunaonyesha kwamba hoja imewekwa chini ya mzazi asiye wake. Baada ya hapo soma mistari ya tarakimu za Kirumi peke yake. Ikiwa mtu ambaye hakuwapo ibadani anaweza kulieleza wazo kuu kutokana na mistari hiyo, kazi imefika.

Katika somo la chuo kikuu ngazi huwa wazi zaidi, kwa kuwa mwalimu kwa kawaida huanza na maana ya dhana kisha huigawanya, lakini kosa hubadilika: mfano wenye kushtua hupandishwa daraja. Mwalimu anaeleza hatari ya gesi zilizoyeyuka katika vilindi vya Ziwa Kivu, ambazo ni kaboni dioksidi na methani, kisha anataja Ziwa Nyos la Kameruni, ambako mwaka 1986 kaboni dioksidi ilifumuka ghafla ikaua watu zaidi ya 1,700. Mwanafunzi, akiwa bado anatetemeka, anaandika «II. Ziwa Nyos». Somo lilihusu Kivu; Nyos ilitajwa kuonyesha kwamba gesi iliyolala chini ya maji inaweza kutoka kwa mara moja, na mahali pake ni chini ya hoja hiyo. Katika masomo ya aina hii kuna pia maneno madogo yanayopotea njiani wakati wa kufupisha, kama «inaweza», «mara nyingi» na «ikiwa». Mwalimu akisema gesi inaweza kutoka ikiwa tabaka za maji zitavurugwa kwa nguvu, na muhtasari ukaandika kwamba gesi itatoka, hapo hakuna ufupisho. Mwalimu amewekewa kinywani madai mengine.

Namba nazo zikaguliwe moja moja. Aya ni rahisi kusikika vibaya, hasa rekodi ikiwa na kelele za kwaya au za mvua juu ya bati, na «mbili kumi na tatu» inaweza kuandikwa 12:3. Kila aya ifunguliwe katika Biblia yenyewe kabla ya kuingizwa, na ile isiyolingana na maneno yanayoizunguka isahihishwe au iwekewe alama ya kuuliza ili mhubiri mwenyewe aulizwe.

Mahubiri mengine hayakubali muundo huu. Mhubiri anapochukua kisa kimoja, kwa mfano Ruthu na Naomi wakirudi kutoka Moabu, akakisimulia toka mwanzo hadi mwisho bila kutaja hoja, maana yake imo katika mwendo wa kisa, na kukikatakata kwa I, II na III kunazalisha hoja ambazo hakuna aliyezisema. Kwa mahubiri hayo inafaa kuorodhesha matukio kwa utaratibu wake, kila tukio kwa sentensi moja, na kando ya tukio kuandika maneno ya mhubiri pale tu aliposimama kueleza maana yake.