Draya inazunguka lakini haitoi joto: kabla hujanunua fyuzi angalia bomba

Simu za namna hii napigiwa sana. Mtu anakwambia fundi, draya inawaka vizuri, dramu linazunguka, inanguruma kama siku zote, ila nikitoa nguo baada ya saa nzima bado mbichi na ni za baridi kabisa. Mimi swali langu la kwanza huwa ni hili: joto limekata ghafla, au kabla ya hapo nguo zilikuwa zinachelewa kukauka, leo dakika 50, mwezi ujao saa nzima, mara saa na nusu? Akinijibu zilikuwa zinachelewa, basi hata sijafika kwake nishaanza kuwaza bomba la kutolea hewa, na fyuzi naiweka nafasi ya pili.

Hapa naongelea draya ya umeme inayotoa hewa nje kwa bomba. Ya gesi mwachie fundi wa gesi, na zile zisizo na bomba la nje, zinazokusanya maji kwenye tangi, zina mambo yake mengine. Na kabla ya yote cheki kitufe cha kuchagua programu, maana draya nyingi zina programu ya hewa ya baridi na mtu anaweza kuigusa bila kujua.

Sasa ielewe kwanza hiyo fyuzi ya joto maana wengi wanaichanganya na fyuzi ya umeme. Ni kidude kidogo, mara nyingi cha plastiki nyeupe, urefu kama kidole gumba, kina miguu miwili ya bati ambapo waya zinachomekwa, na kwenye draya nyingi kimefungwa kwa skrubu kwenye nyumba ya feni, pale hewa ya moto inapopita ikitoka kwenye dramu. Yenyewe haijali umeme mwingi unapita au mdogo, inachosikiliza ni joto la ile hewa. Ikifika karibu 90°C hivi (namba kamili inategemea modeli) inakata, na ikishakata imekufa, haipoi ikarudi. Kwenye mashine nyingine ikikata inazima hadi mota, kwa hiyo hata haizunguki, ila kuna modeli ambazo inakata njia ya hita peke yake na dramu linaendelea, na hizo ndio zinazowachanganya watu.

Swali ni nini kinaipandisha hewa mpaka huko wakati kawaida thamostati inaizima hita mapema, kwenye 60 au 70 hivi? Hewa haitembei. Feni inatakiwa ivute hewa ipite kwenye hita, iingie kwenye nguo, ibebe unyevu na kuutoa nje. Bomba likijaa manyoya ya nguo hewa inakwama, joto linalundikana ndani, thamostati inawashwa na kuzimwa bila kupumzika, mpaka siku moja fyuzi inakata. Kwa hiyo fyuzi iliyokata imefanya kazi yake, imezuia moto, na ukiweka mpya bila kugusa bomba unaisubirisha tu nayo ikate.

Kuna mama mmoja aliniita, kabla yangu alishabadilishiwa fyuzi mara mbili ndani ya miezi minne. Akaniambia, "Mwanangu, hii mashine inakula fyuzi." Nikachomoa plagi, nikatoa chujio la manyoya, kwa macho safi kabisa. Nikalipeleka kwenye bomba la maji nikafungulia kidogo, maji yakakaa juu ya wavu kama yamewekwa kwenye sahani, hayapiti! Ule ni utando wa vile vikaratasi vya kulainisha nguo, hauonekani lakini unaziba matundu, na kama maji hayapiti basi hata hewa inapita kwa shida. Nikausugua kwa brashi laini na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu mpaka maji yakapita moja kwa moja.

Hilo lilikuwa tatizo dogo. Nikaivuta mashine kutoka ukutani, nyuma nikakuta bomba la foili lile la kujikunja limebanwa na mashine mpaka limekuwa bapa, nafasi iliyobaki haizidi vidole viwili. Nikalifungua, ndani kwenye kila mkunjo kuna manyoya ya kijivu yameshikana kwa unyevu kama blanketi zito, nilikuwa nayatoa kwa vipande. Nikatoka nje kwenye mdomo wa bomba, kile kifuniko kinachotakiwa kufunguka hewa ikitoka kimegandishwa na manyoya, na mtu alishaweka wavu wa kuzuia ndege. Wavu pale usiweke, unakamata manyoya yote.

Kipimo rahisi cha hewa ni hiki, na uzuri wake draya ikiwa haitoi joto huungui. Iwashe bila nguo, nenda nje ushike kitambaa chepesi au karatasi laini mbele ya mdomo wa bomba, inatakiwa isukumwe kwa nguvu na kifuniko kifunguke chenyewe. Kama inatikisika tu, zima, toa bomba nyuma ya mashine, washa dakika moja, usikie hewa inavyotoka palepale kwenye mashine. Ikiwa hapo ina nguvu na nje ni hafifu basi uzibe uko kwenye bomba, na ikiwa hata hapo ni hafifu, angalia chujio, mfereji chini ya chujio, na feni yenyewe.

Kwa yule mama niliweka bomba gumu la chuma la milimita 100, njia fupi, kona mbili tu. Kila kona ya digrii 90 ihesabu kama umeongeza mita moja na nusu ya bomba. Maungio yafunge kwa tepu ya foili, usitumie skrubu maana ncha zinatokeza ndani na zinakamata manyoya.

Ndipo nikaenda kwenye fyuzi. Plagi bado imechomolewa, fungua kifuniko cha nyuma (kwa modeli nyingine ni cha mbele), chomoa waya zote mbili kwenye fyuzi, usipime zikiwa zimechomekwa kwa sababu mita inaweza kusoma njia nyingine ikakudanganya. Weka mita kwenye omu au kwenye alama ya mlio, gusa miguu miwili. Nzima inalia na kusoma karibu na 0, iliyokata inaonyesha OL au 1. Ya kwake ilikuwa OL. Nikapima na hita kabla sijafunga, hita nyingi husoma kati ya omu 10 na 30, yake ilisoma 24, na kati ya hita na bodi la mashine hakukuwa na mguso wowote, kwa hiyo hita ni nzima.

Ukinunua fyuzi chukua ya namba ya modeli yako, yenye nyuzi joto zilezile, usichukue yenye namba kubwa ili "isikate kate". Na tafadhali sana usiunganishe waya mbili ukairuka fyuzi, hata kwa mzigo mmoja. Manyoya makavu yanashika moto kwa sekunde, na hapo umeondoa kitu kilichokuwa kinakulinda.

Kama fyuzi, hita na bomba vyote viko sawa na bado ni baridi, inabaki thamostati, kinga ya joto iliyo kwenye boksi la hita (inapimwa vilevile kwa mita) au umeme wenyewe. Mashine inayolishwa na nyaya mbili za moto, breka moja ikiruka, mota inazunguka na hita inabaki bila umeme wa kutosha.

Ya yule mama niliiwasha na taulo zilizotoka kwenye mashine ya kufulia, nikasimama nje na mkono mbele ya bomba, dakika ya tatu hewa ikaanza kutoka ya moto na ina mvuke, taulo zikakauka kwa dakika 45. Nikamwambia asukume mashine ukutani taratibu na aache nafasi ya kiganja nyuma, chujio alitoe manyoya kila mzigo, na lile bomba lote lifunguliwe lisafishwe walau mara moja kwa mwaka.